Kutafsiri "he" na "she" kwa lugha yenye yeye mmoja

Anayeanza kutafsiri kutoka Kiingereza huambiwa mapema kwamba hapa hakuna kazi: "he" ni yeye, "she" ni yeye, endelea. Kwa sentensi moja moja ni kweli. Mambo huharibika pale mwanamume na mwanamke wanapokutana ndani ya aya moja, wakapeana vitu, wakaambiana maneno. Ghafla kila mtu ni a-, kila mtu ni -m-, na kila kitu ni "chake". Msomaji hajui tena nani amemwambia nani, wala mkoba ni wa nani.

Chanzo ni kwamba viwakilishi hivyo vya Kiingereza hufanya kazi mbili kwa mpigo. Ya kwanza ni kutaja jinsia. Ya pili ni kuwatenganisha watu: ukiona "she" unajua mara moja kwamba si yule bwana. Watafsiri wengi huhangaika na kazi ya kwanza, ambayo Kiswahili mara nyingi hakiihitaji kabisa, wakaisahau ya pili, ambayo lazima ifanyike kwa njia nyingine. Mwongozo huu unafuata aya moja fupi tangu Kiingereza hadi Kiswahili kinachosomeka, na njiani tutachepuka kidogo pale penye mitego.

Aya yenyewe ni hii:

> The driver stopped the car. She opened the back door and gave him his bag. He told her she had forgotten his change. She laughed, took her purse from the seat and paid him.

Mtu mwenye haraka ataandika hivi:

> Dereva alisimamisha gari. Alifungua mlango wa nyuma na kumpa mkoba wake. Alimwambia alikuwa amesahau chenji yake. Alicheka, akachukua pochi yake kwenye kiti na kumlipa.

Kisarufi hakuna kosa hata moja. Sasa isome kama mtu asiyeijua aya ya Kiingereza. Dereva ndiye aliyesimamisha, akafungua, akampa mtu mkoba. Sentensi ya tatu haijataja mtendaji mpya, kwa hiyo dereva ndiye anayesema pia: anamkumbusha mwenzake kwamba ameacha chenji. Maana imepinduka. Aliyedai amekuwa anayedaiwa, na sentensi ya mwisho haieleweki, maana sasa mtu analipa deni ambalo si lake.

## Hatua ya kwanza: wape watu herufi

Kabla ya kuandika neno la Kiswahili, chukua matini ya Kiingereza na uweke herufi juu ya kila kiwakilishi. Dereva awe D, abiria awe A. Katika aya yetu utapata viwakilishi kumi, kwa mpangilio huu: D, A, A katika sentensi ya pili, A, D, D, A katika ya tatu, D, D, A katika ya nne.

Inaonekana kama kazi ya shule, lakini inakuonyesha jambo ambalo jicho hulipita: sentensi ya tatu inaanza na mtendaji mpya. Popote herufi ya mtendaji inapobadilika kutoka sentensi moja hadi nyingine, weka alama. Hapo ndipo tafsiri yako itavunjika usipofanya kitu. Mahali ambapo mtendaji anabaki yule yule unaweza kupita bila wasiwasi, kwa kuwa a- peke yake itatosha.

## Hatua ya pili: je, jinsia ina kazi gani hapa?

Jiulize hivi: nikimfanya dereva mwanamume, kuna chochote kitakachobadilika katika habari hii? Kama hakuna, acha. Msomaji wa Kiswahili amezoea kukaa na mtu kurasa kadhaa bila kuambiwa kama ni wa kiume au wa kike, na hatalalamika. Kuandika "dereva wa kike" pale ambapo Kiingereza kilisema tu "she" ni kuongeza chumvi. Kiingereza kililazimika kutaja jinsia kwa sababu sarufi yake inadai. Ukiandika "wa kike" wewe unakuwa umeamua kuitaja, na msomaji ataanza kungoja sababu.

Kama jinsia ina kazi, itaje mara moja, mapema, na kwa njia isiyopiga kelele. Njia ya kwanza ni jina la mtu, lakini jihadhari: msomaji wa Kiswahili hasomi majina ya kigeni kama Mwingereza anavyoyasoma. Andrea katika riwaya nyingi za Kiingereza ni mwanamke, ilhali msomaji wetu anamjua Andrea kuwa mwanamume, tena mtume, ndugu yake Petro. Ukimwacha Andrea wa Kiingereza bila kidokezo chochote, atatembea kitabu kizima akiwa na ndevu kichwani mwa msomaji. Bi. Andrea katika mtajo wa kwanza inatosha.

Njia ya pili ni nomino: mama, dada, binti, bibi, bwana, kaka, kijana, mzee. Hapa kuna gharama ya kupima. "She" haisemi umri wala heshima. "Mama huyo" inasema mtu mzima anayestahili heshima, "dada huyo" inasema bado kijana, na "binti" anashuka zaidi. "Mwanamke huyo" haibebi umri, lakini ukiirudia sana inaanza kunuka ripoti ya polisi. Kwa hiyo pitia kitabu kwanza ujue mhusika ana umri gani, ndipo uchague. Kama mwandishi ameuficha umri kwa makusudi, mwanamke ndilo salama.

Njia ya tatu, nayo ndiyo ninayoipenda kuliko zote, ni kuacha neno jingine lifanye kazi. Ukiandika "alimtazama mumewe", msomaji amejua kwamba anayetazama ni mwanamke, wala hukumwambia. "Mkewe" inafanya vivyo hivyo kwa upande wa pili. Kitenzi cha ndoa nacho ni shahidi mzuri: aliyeoa ni mwanamume, aliyeolewa ni mwanamke, aliyejifungua hana haja ya maelezo.

Kitenzi hicho cha ndoa kina mtego wake, lakini. Kiingereza humpa mwanamke kitenzi kile kile cha kutenda alichopewa mwanamume, naye akawa mtendaji kamili. Tuseme riwaya inasema kwamba alimchukua huyo bwana awe mume wake ijapokuwa baba yake alikataa. Ukiandika "aliolewa naye", sarufi ni safi, ila ule ukaidi wake umezimika. Amekuwa mtu aliyefanyiwa jambo. "Aliamua kuolewa naye" inamrudishia uamuzi. "Walioana" inafaa pia pale ambapo hakuna ubishi wa kuonyesha.

## Hatua ya tatu: tenganisha watendaji

Sasa turudi kwenye zile alama za mabadiliko ya mtendaji. Kiswahili kina vifaa vyake vya kusema "huyu siye yule", na vingi ni vya usimulizi wa kila siku.

Cha kwanza ni -ka-. Katika masimulizi, mfululizo wa -ka- kwa kawaida humbeba mtendaji yule yule mpaka atajwe mwingine: akafungua, akampa, akarudi. Kwa hiyo itumie pale D anapofuatwa na D.

Cha pili ni naye. Neno hili dogo ndilo linalogeuza usukani. "Yule bwana alimpiga mbwa teke, naye akamng'ata." Hakuna msomaji atakayedhani bwana ndiye aliyeng'ata. Tazama pia kwamba katika Kiingereza mbwa huyo angekuwa "it", na sarufi yao ingewatenganisha. Kwetu mbwa naye ni a-, sawa na binadamu, kwa sababu yuko ngeli moja nao katika upatanisho. Naye ndiyo iliyookoa sentensi.

Cha tatu ni kurudia nomino. Watafsiri waliofunzwa kwamba kurudia ni udhaifu wa mtindo hupata taabu hapa. Kanuni hiyo ni ya lugha yenye viwakilishi vinavyotenganisha. Kiswahili hakioni haya kusema dereva mara tatu katika aya moja, hasa kikisaidiwa na huyo kwa aliyetoka kutajwa, na yule kwa aliye mbali kidogo katika kumbukumbu ya msomaji.

Cha nne ni usemi halisi, na hiki hutumiwa kidogo kuliko inavyostahili. Sentensi ya tatu ya aya yetu ina mtu anayemwambia mwenzake kwamba huyo mwenzake amesahau kitu cha huyo wa kwanza. Katika usemi wa taarifa, Kiswahili kitatoa a- tatu na "yake" moja, na msomaji atachagua anavyotaka. Geuza iwe maneno ya mtu mwenyewe: "Hujanipa chenji yangu." Hu- ni dereva, -ni- ni abiria, -angu ni abiria. Utata wote umeondoka, na sentensi imekuwa fupi. Angalia tu kama mwandishi anatumia usemi wa taarifa kwa sababu maalumu, kwa mfano kuonyesha kwamba msimulizi anasikia kwa mbali; kama ni hivyo, baki nao na urudie nomino.

Kuna pia msaada unaokuja bure. Mtu anapojitendea mwenyewe Kiswahili hudai -ji-: alijiona, alijilipia. Kwa hiyo ukiandika "alimwona", msomaji anajua tayari kuna watu wawili. Huhitaji kuongeza "mwingine".

## Hatua ya nne: kitu ni cha nani

Hapa ndipo makosa hujificha vizuri zaidi, kwa sababu sentensi inasomeka bila kukwama. Kiingereza kikisema kwamba "he" alichukua mkoba wa "her", mwenye mkoba na mchukuaji ni watu wawili bila shaka. Andika "alichukua mkoba wake", na msomaji ataelewa kwamba mtu amechukua mali yake akaenda zake. Wizi umegeuka kuwa safari.

Kila ukifika kwenye -ake, angalia herufi zako. Kama mmiliki ni mtendaji yule yule, -ake peke yake inatosha, na ikibidi kusisitiza ongeza "mwenyewe". Kama mmiliki ni mtu mwingine, una njia tatu nzuri. Taja mmiliki: "mkoba wa abiria". Au tumia "wa mwenzake". Au, bora zaidi, mwingize mmiliki ndani ya kitenzi: "alimchukulia mkoba", "alimnyang'anya mkoba", "alimshika mkono", "alimkata nywele". Kiswahili hupenda sana njia hii kwa viungo vya mwili. "Alishika mkono wake" ni mtu aliyejishika mwenyewe, labda umemuuma. "Alimshika mkono" ni watu wawili, na huenda kuna mapenzi.

## Aya ikiwa imekamilika

Tukiziweka hatua hizo pamoja, aya yetu inaweza kuwa hivi:

> Dereva alisimamisha gari. Mama huyo akafungua mlango wa nyuma, akamkabidhi abiria mkoba wake. "Hujanipa chenji yangu," abiria akamwambia. Dereva akacheka, akachukua pochi yake kwenye kiti, akamlipa.

Nimeweka "mama huyo" kwa kuwa nimechukulia kwamba jinsia ya dereva ina kazi mbele ya safari na kwamba ni mtu mzima. Kama haina, ondoa maneno hayo mawili na habari haitapungukiwa. Neno abiria halimo katika Kiingereza, na wahariri wengine hulipinga kwa hoja hiyo. Limechukua nafasi ya "him", na bila hilo "him" haina wa kumbeba. "Mkoba wake" nimeuacha, kwa sababu mtu akikabidhiwa mkoba wake tunaelewa ulikuwa wake tangu mwanzo. Kitenzi kumpa kingeacha mlango wazi kwamba dereva ametoa zawadi. Katika sentensi ya mwisho, "pochi yake" ni ya dereva kwa kuwa dereva ndiye mtendaji, na -m- ya "akamlipa" haina budi kuwa abiria.

Utagundua kwamba aya nzima haina yeye hata mmoja. Si bahati. Yeye katika Kiswahili ni neno la kutofautisha au kukazia: "wenzake walikimbia, yeye akabaki." Ukiliandika kila unapoona kiwakilishi cha Kiingereza, msomaji atahisi kwamba kila sentensi inabishana na mtu asiyeonekana. Ukimaliza rasimu, tafuta neno hilo kwenye faili lako lote, na kila unapolikuta uliza linatofautisha nani na nani. Lisipokuwa na jibu, lifute.

## Pale jinsia ndiyo fumbo lenyewe

Kuna matini ambamo kiwakilishi ndicho kilichobeba kisa. Mfano wa kawaida ni hadithi ya upelelezi: askari anamhoji mtu kuhusu maiti, hajataja kama ni ya mwanamume au mwanamke, na mshukiwa anaropoka kwamba hakumgusa, akitumia "her". Amejifunga kwa herufi tatu. Katika Kiswahili "sikumgusa" haimfungi hata kidogo, na askari atakayeruka juu kwa furaha ataonekana mwendawazimu.

Hapo hutafsiri neno, unatafsiri ulimi ulioteleza. Tafuta kitu kingine ambacho mtu anayejua angekitaja bila kufikiri. "Dada wa watu mimi sikumgusa" inafanya kazi. Vilevile kutaja gauni, au kusema "hata kama ameolewa, mimi hanihusu". Kisha rekebisha jibu la askari lishike neno ulilochagua, kwa kuwa katika Kiingereza atakuwa ameshika kiwakilishi. Ukisahau nusu hiyo ya pili, jibu litaelea.

Upande wa pili ni mwandishi anayeficha jinsia. Waandishi wa Kiingereza hutoka jasho kuepuka viwakilishi hivyo kwa kurasa nyingi, na sentensi zao huwa zimepindapinda kwa sababu hiyo. Wewe usizipinde. Kiswahili kinaificha jinsia bila jitihada, na kinachokupasa ni kulinda tu yale maneno yanayoweza kufichua: mumewe, kuolewa, shangazi, wifi.

"They" ya mtu mmoja nayo imewaangusha wengi. Kiingereza huitumia kwa mtu ambaye jinsia yake haijulikani au asiyejitambulisha kwa mojawapo ya hizo mbili. Isiwe wao. Mtu ni mmoja, kwa hiyo ni a- na -ake: "kila mwanafunzi alete daftari lake", si "lao". Vivyo hivyo kwa fomu na mikataba inayoandika "he or she" kila mstari. A- moja inamaliza yote, na mabano ya "wa kiume au wa kike" hayana kazi. Kwa mtu aliyekataa kuitwa kwa jinsia yoyote, a- haimkosei, bali nomino ndizo zitakazomkosea: chunga kaka, dada, Bi. na Bw.

Na meli, ambazo mabaharia wa Kiingereza huziita "she", hubaki i- tu. Meli iling'oa nanga, basi.

## Ukirudi kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza

Safari hii ni ngumu zaidi, kwani sasa unadaiwa kitu ambacho matini haikukupa. Usikisie kutokana na kazi ya mtu. Daktari si lazima awe "he", wala muuguzi "she", na kisio la namna hiyo hugunduliwa ukurasa wa arobaini, mume wa daktari huyo anapotokea.

Soma matini nzima kwanza ukitafuta mashahidi tuliowataja: oa na olewa, mume na mke, na majina ya undugu. Wifi, kwa mfano, anakupa zaidi ya jinsia moja, kwa kuwa ni neno la mwanamke kwa dada wa mume wake, au kwa mke wa kaka yake. Anayemwita mtu wifi yangu ni mwanamke mwenyewe. Mpwa, mjukuu, binamu, mchumba, mpenzi na ndugu hawakuambii kitu. Mashahidi wakikosekana na mwandishi yupo hai, muulize, tena muulize kwa swali la wazi, usimpe chaguo lako aliidhinishe. Asipopatikana, "they" ya mtu mmoja ni halali, au rudia jina. Katika mashairi ya mapenzi, ambamo mpenzi huweza kukaa beti zote bila jinsia, mara nyingi njia bora ni kumgeuza awe "you", kwani huko hakuna anayekudai kuchagua.

Mwisho wa yote, kwa upande wowote, fanya jaribio la maswali. Mpe mtu tafsiri peke yake, bila matini chanzi, akishasoma umuulize mambo ya nani na cha nani: nani alidai chenji? Pochi ilikuwa ya nani? Usimuulize kama ameelewa, maana atasema ndiyo. Akijibu tofauti na herufi zako, usianze kumweleza. Rudi kwenye sentensi aliyopotelea, na mara nyingi utakuta ni ile uliyoiwekea alama ya mabadiliko ya mtendaji ukaiacha na a- tupu.